Damu Inapochepuka: Matundu ya Moyo na Mtoto Anayekuwa Bluu

Hotuba iliyotolewa kwa wauguzi, wakunga na matabibu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu wauguzi, wakunga na matabibu, habari za asubuhi.

Naomba niwaulize swali moja kabla ya lolote. Watoto wawili wamelala wodini, kitanda kwa kitanda. Wote wamepimwa eko, na wote wana tundu kubwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Tundu la huyu linalingana na la yule. Lakini mmoja ulimi wake ni mwekundu, anahema kwa kasi na hanenepi. Wa pili anapumua kwa utulivu, mwili wake si mbaya, ila ulimi wake una rangi ya zambarau. Tundu ni lilelile. Kwa nini mmoja amekuwa bluu na mwingine hakuwa?

Ukilijibu swali hili, umeelewa sehemu kubwa ya magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo. Na si magonjwa adimu: katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kama 8 wana kasoro ya moyo, na tundu la vyumba vya chini ndilo linaloongoza.

Tuanze na njia ya kawaida. Damu iliyotumika inarudi upande wa kulia wa moyo, ikiwa na oksijeni kama asilimia 70 hadi 75. Upande wa kulia unaisukuma mapafuni. Inarudi upande wa kushoto ikiwa imejaa, asilimia 97 au zaidi, na chumba cha kushoto cha chini kinaisukuma kwenye aota iende mwilini. Pande hizi mbili hazitakiwi kuchanganya damu. Pakiwa na tundu, damu huchepuka. Na damu inayochepuka ni kama maji ya mfereji: inafuata upande ambao kizuizi ni kidogo. Basi kila mnapoambiwa mtoto ana tundu kwenye moyo, msiulize ukubwa wa tundu tu. Ulizeni kizuizi kiko wapi. Kiko kwenye njia ya mapafu, au kiko kwenye njia ya mwili?

Kizuizi cha mapafu kikiwa kidogo, damu nyekundu ya kushoto inachepukia kulia na kurudishwa mapafuni. Mapafu yanafurika, lakini mwili bado unapata damu nyekundu. Mtoto huyu si bluu. Kizuizi cha njia ya mapafu kikizidi cha mwili, damu iliyotumika inachepukia kushoto na kuingia kwenye aota bila kupita mapafuni. Huyu ndiye anakuwa bluu.

Sasa tumtazame mtoto wa kwanza, asiye bluu.

Chukueni mtoto wa kike aliyezaliwa na kilo 3.2. Mkunga amemsikiliza moyo siku ya kwanza, hakusikia kitu. Je, mkunga alikosea? Hapana. Mtoto anapozaliwa, mishipa ya mapafu bado ni minene na imebana, na shinikizo la kulia linakaribia la kushoto. Damu haina sababu ya kukimbilia upande wowote, kwa hiyo hakuna sauti. Kizuizi cha mapafu kinashuka polepole, wiki hadi wiki. Inapofika wiki ya nne hadi ya nane, chumba cha kushoto kinasukuma kwa shinikizo kubwa kuliko la kulia, na damu sasa inapita kwenye tundu kwa nguvu. Ndipo sauti ya ziada inasikika pembeni mwa mfupa wa kifua, upande wa kushoto chini, na ndipo matatizo yanapoanza.

Mama anamleta kliniki wiki ya sita. Mtoto ana kilo 3.6. Muulizeni mama maswali mawili tu: ananyonya kwa muda gani bila kupumzika, na jasho linamtoka wapi? Atawaambia kwamba mtoto ananyonya kidogo, anaachia ziwa, anahema, anarudi tena, na kichwa kinalowa jasho hata asubuhi ya baridi. Kwa mtoto mchanga, kunyonya ndiko mbio zake. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima: 70. Mbavu zinabonyea. Shikeni tumbo: ini limeshuka sentimita 4 chini ya mbavu. Kwenye kadi yake kumeandikwa nimonia mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Nimonia mara mbili kwa mtoto wa wiki sita, hana homa, na uzito haupandi? Hapo simameni. Mapafu yaliyofurika damu yanahema kama mapafu yenye nimonia, na ni kweli pia kwamba yanapata nimonia kirahisi. Antibayotiki peke yake haitoshi. Mtoto huyu anahitaji furosemaidi, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo mara mbili kwa siku, yaani miligramu 3.6 kwa dozi. Anahitaji maziwa ya mama yaliyokamuliwa, apewe kidogokidogo kwa kikombe au kwa mpira pale anaposhindwa kunyonya. Anahitaji eko na daktari wa moyo wa watoto. Na jambo moja linasahaulika: oksijeni kwake ni dawa ya kupimwa. Oksijeni inalegeza mishipa ya mapafu, kizuizi kinashuka, na damu nyingi zaidi inachepukia huko. Kiwango chake kikiwa asilimia 94 bila oksijeni, msimwekee kwa mazoea tu.

Matundu madogo, hasa yale ya kwenye misuli ya ukuta, mengi yanajiziba yenyewe, na huwa na kelele nyingi kuliko madhara. Tundu la vyumba vya juu nalo ni la kimyakimya. Shinikizo la huko ni dogo, na wengi wanagunduliwa wakiwa wakubwa, wengine wakiwa wajawazito. Sitakaa sana hapo. Nataka kukaa kwenye tundu kubwa la chini ambalo halikuzibwa, kwa sababu hapo kuna mtego.

Mtoto yuleyule akiachwa, nini kinatokea? Mama anakuja mtoto akiwa na mwaka na nusu, na mama ana furaha. Mtoto hahemi tena. Anakula. Jasho limekwisha. Mnasikiliza kifua: ile sauti kubwa imefifia. Furosemaidi imeachwa na hakuna kilichoharibika. Amepona?

Hakupona, ndugu zangu. Mishipa ya mapafu iliyopigwa na damu nyingi yenye shinikizo kubwa mwezi baada ya mwezi imejikinga kwa kuwa minene. Kizuizi kimepanda tena. Damu inayochepukia mapafuni imepungua, ndiyo maana hahemi, na pande mbili zimelingana shinikizo, ndiyo maana sauti imefifia. Unene huo ukiendelea, kizuizi cha mapafu kitakipita cha mwili, mchepuko utageuka, na mtoto aliyekuwa mwekundu ataanza kuwa bluu. Mwaka 1897 daktari Victor Eisenmenger wa Viena aliandika habari za mwanamume wa miaka 32 aliyekuwa bluu na mwenye kuishiwa pumzi kwa miaka mingi. Alifariki kwa kukohoa damu kutoka mapafuni, na mwili wake ulipochunguzwa, ndani ya moyo lilikutwa tundu kubwa kati ya vyumba vya chini. Hali hiyo tunaiita kwa jina lake mpaka leo.

Na hapa ndipo ubaya wake ulipo: mchepuko ukishageuka, kuziba tundu kunaua. Tundu limekuwa mlango wa dharura wa chumba cha kulia. Ukiufunga, chumba hicho kinabaki kusukumana na mapafu yasiyofunguka na kinashindwa. Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji wanataka tundu kubwa lizibwe ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi kabla au karibu na miezi sita. Mtoto mwenye ugonjwa wa Dauni asisubirishwe hata kidogo, kwani mishipa yake huharibika mapema zaidi. Kwa hiyo mtoto mwenye tundu kubwa "aliyepata nafuu" bila kuzibwa, rufaa yake ni ya haraka kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Sasa mtoto wa pili, mwenye ulimi wa zambarau. Huyu ana tetralojia ya Fallot, kasoro inayoongoza miongoni mwa zile zinazomfanya mtoto awe bluu. Jina ni la daktari wa Marseille, Étienne-Louis Arthur Fallot, aliyeieleza mwaka 1888 kwa kulinganisha alichokiona kitandani na alichokikuta ndani ya moyo. Vitabu vinatutaka tukariri mambo manne: tundu kubwa la chini, njia ya kwenda mapafuni iliyobana, aota iliyokaa juu ya tundu, na misuli minene ya chumba cha kulia. Lakini kosa ni moja. Mtoto akiwa tumboni, kipande cha ukuta kinachotenganisha milango miwili mikuu ya moyo kimesogea mbele. Kilipotoka pamebaki tundu, na aota imekaa juu yake. Kilipoenda pamebana njia ya mapafu. Chumba cha kulia kinasukuma dhidi ya kizuizi, kinaota misuli. Mnaona? Kosa moja, mambo manne.

Kuna hesabu moja naomba tuifanye pamoja, kwa sababu itawasaidia usiku wa zamu. Tuseme damu inayoingia kwenye aota ya mtoto huyu ni sehemu 10. Sehemu 6 zimepita mapafuni, zina oksijeni asilimia 97. Sehemu 4 zimechepuka kupitia tundu, zina asilimia 50. Zikichanganyika: 6 mara 97 ni 582, 4 mara 50 ni 200, jumla 782, gawanya kwa 10. Kipimo cha kidoleni kitasoma kama 78.

Sasa mwekeeni oksijeni ya kutosha. Zile sehemu 6 zinapanda kutoka 97 hadi 100. Zile 4 hazikupita mapafuni, hazijui kama oksijeni imewekwa. Hesabu mpya: 600 na 200, gawanya kwa 10. Ni 80. Umewasha mtungi, umefunga barakoa, umepanda kutoka 78 hadi 80.

Linganisheni na mtoto wa nimonia mwenye 78 ileile. Damu yake inapita mapafuni, tatizo ni kwamba mapafu ni mabovu. Mwekeeni oksijeni, ndani ya dakika kumi mara nyingi yuko juu ya 90. Basi mtoto mwenye kiwango cha chini, kifua kisicho na sauti mbaya, asiyehema sana, na oksijeni haimpandishi: fikirieni moyo. Si jibu la mwisho, maana magonjwa mawili yanaweza kukutana kwa mtoto mmoja, lakini ni kipimo ambacho kila kituo chenye oksijeni na mashine ya kidoleni kinaweza kukifanya leo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyofungua njia ya tiba. Daktari Helen Taussig wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliona kwamba baadhi ya watoto hawa walizidi kuwa bluu pale mshipa wa ziada wa utotoni, ule unaounganisha aota na mshipa wa mapafu, ulipojifunga baada ya kuzaliwa. Akajiuliza: je, hatuwezi kuwatengenezea mwingine? Mbinu iliboreshwa maabara, kwa mbwa, na Vivien Thomas, fundi Mweusi ambaye hakuwa na shahada yoyote. Tarehe 29 Novemba 1944 Alfred Blalock alimpasua Eileen Saxon, mtoto wa miezi 15 mwenye kilo 4 tu, akaunganisha mshipa wa kwenda mkono wa kushoto na mshipa wa pafu la kushoto. Thomas alisimama nyuma ya bega lake akimwelekeza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameifanya kazi ile mara nyingi. Jina la Thomas lilichelewa mno kuongezwa kwenye jina la upasuaji huo, na ni haki yake tulitaje. Eileen alipata rangi kwa muda, kisha akarudi kuwa bluu, na hakuishi. Waliofuata waliishi kwa maelfu. Damu iliyochanganyika, ya asilimia 70 na kitu, ilipelekwa tena mapafuni. Zile sehemu 6 zikawa 7 au 8. Ni hesabu ileile.

Siku hizi wengi wanafanyiwa marekebisho kamili: tundu linazibwa, njia ya mapafu inapanuliwa. Kwa hapa Tanzania kazi hiyo inafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini kati ya kituo chako na Dar es Salaam kuna jambo linaloweza kumuua mtoto asubuhi moja, na ndilo nataka mlibebe leo.

Mtoto ana miezi kumi, kilo 8. Ameamka, amelia kidogo, au amejisaidia haja kubwa. Ghafla midomo inakuwa myeusi, ndivyo mama zetu wanavyosema, myeusi. Anahema kwa kasi na kwa kina, analia asiyebembelezeka, kisha analegea. Anaweza kutetemeka mwili mzima. Nyumbani watasema degedege. Mashine inasoma 50 na kitu au chini yake. Nini kimetokea? Misuli iliyo chini ya mlango wa mapafu imekaza. Zile sehemu 6 zimekuwa 3. Na damu inayochepuka nayo imechoka, ina asilimia 35 tu. Fanyeni hesabu: 54 hivi. Sikilizeni kifua: ile sauti kubwa ya moyo imefifia au imepotea, kwa sababu damu karibu haipiti tena kwenye njia iliyobana. Sauti ikirudi, mtoto anarudi.

Tunataka nini? Tunataka kizuizi cha mwili kipande, ili damu ilazimike kwenda mapafuni. Mama ampakate, magoti ya mtoto yakunjwe yaguse kifua, kwa nguvu ya upole, na yakae hivyo. Mishipa ya mapaja inabanwa, kizuizi cha mwili kinapanda, na damu chafu ya miguuni inachelewa kurudi. Watoto wakubwa wanajifundisha wenyewe: anakimbia hatua chache, anachuchumaa. Mkimwona mtoto anayechuchumaa katikati ya mchezo, tazameni ulimi wake.

Msimnyang'anye mama mtoto kwa ajili ya kutafuta mshipa. Kilio kinaongeza kukaza. Wekeni oksijeni karibu na uso, haidhuru, ingawa mmeona mipaka yake. Asipotulia ndani ya dakika chache, mofini miligramu 0.1 kwa kilo, kwa huyu ni miligramu 0.8, chini ya ngozi au kwenye msuli, na mfuko wa kupumulia uwe mkononi kwani inaweza kupunguza pumzi. Mkipata mshipa, dripu ya chumvi mililita 10 kwa kilo, yaani 80, iende haraka, na inaweza kurudiwa. Pimeni sukari. Ikipita, propranololi ya kunywa, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kila saa 8, inasaidia misuli isikaze tena wakati rufaa inaandaliwa.

Kosa linaloua ni furosemaidi. Mtu anaona mtoto wa moyo anahema, anavuta dawa ya moyo. Lakini huyu mapafu yake hayakufurika, yamekauka. Ini halijavimba. Ukimtoa maji, shinikizo la mwili linashuka na mchepuko unazidi. Mtoto wa kwanza dawa yake ni furosemaidi, wa pili dawa yake ni maji. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa bluu anayeharisha asisubiri foleni. Damu yake tayari ni nzito, akikauka inaganda, na anaweza kupooza upande.

Na rangi yenyewe tunaionaje kwenye ngozi zetu? Tusitazame vidole vya mtoto aliyetoka kwenye baridi. Tutazame ulimi na ndani ya mdomo, kwenye mwanga wa dirisha. Halafu tukumbuke kwamba jicho halioni asilimia. Linaona kiasi cha himoglobini isiyo na oksijeni. Jicho lililozoea linaanza kuona bluu ikifika kama gramu 3 kwa desilita. Mwenye himoglobini 20 atafika hapo kiwango kikiwa 85. Mwenye 15, kikiwa 80. Na mwenye 6, mtoto aliyetoka kwenye malaria kali? Hataonekana bluu mpaka afike 50. Mnaelewa hatari yake? Ulimi mweupe unaficha moyo. Na kinyume chake, mtoto wa tetralojia mwenye kiwango cha 75 na himoglobini 12, msimwandikie kwamba damu yake ni nzuri. Kwake yeye 12 ni upungufu. Mwili wake ulitakiwa utengeneze 17 au zaidi. Mpeni madini ya chuma, kwani upungufu huo unaongeza vipindi vya kuwa bluu na hatari ya kiharusi.

Kwa wakunga, mashine ya kidoleni haisubiri macho. Mtoto akitimiza saa 24, pimeni mkono wa kulia na mguu mmoja wowote. Mkono uwe wa kulia, kwa sababu wa kushoto unaweza kupata damu iliyochanganyika na ya ule mshipa wa utotoni. Popote pakisoma chini ya 90, ni rufaa hapohapo. Ikiwa 90 hadi 94, au mkono na mguu vinapishana kwa zaidi ya 3, rudieni baada ya saa moja; hali ikibaki ileile, mpelekeni. Wapo wanaoishi kwa ule mshipa tu, na ukijifunga siku ya tatu wanaporomoka. Hospitali kubwa ina dripu ya prostaglandini ya kuuweka wazi, dawa ambayo inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo asafiri na mtu anayejua kumpumulisha.

Nimalizie na dripu, maana wengi wenu ndio mnaozifunga. Kwa mtu wa kawaida, kiputo kidogo cha hewa kwenye mshipa kinanaswa na mapafu. Kwa mtoto wa bluu, kiputo hicho kinaweza kupita kwenye tundu na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Vijidudu navyo vinafuata njia hiyo, ndiyo sababu mtoto wa tetralojia mwenye homa, maumivu ya kichwa na kutapika afikiriwe jipu la ubongo. Kabla ya kuunganisha, jazeni mpira mzima, gongeni kwa kidole kila kiungio mpaka viputo vipande, vitoeni. Kabla ya kila sindano, vuteni kidogo nyuma, inueni bomba, toeni hewa, ndipo msukume. Na kwenye faili lake andikeni kwa herufi kubwa, ili wa zamu ya usiku naye ajue: HEWA ISIINGIE.

Asanteni. Sasa nipokee maswali.